Sekunde Tatu za Nyekundu Mbili

Nilikuwa nimelala chali katikati ya njia panda ya Mikumi, saa nne ya asubuhi, mweupe pe kuanzia nywele hadi mkanda. Kopo zima la rangi ya kuchorea barabara lilikuwa limenimwagikia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeelekea upande ambao mguu wa binadamu hauelekei. Mama muuza mahindi ya kuchoma alifika wa kwanza. Akaniinamia, akanitazama vizuri, kisha akawageukia wenzake na kusema kwa utulivu, kama mtu anayetoa tangazo la msiba wa jirani: "Jamani, ni mzungu. Mzungu wa baiskeli amekufa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu wa Mabwerebwere, Kilosa, babu yangu aliletwa na reli na mimi sijawahi kufika mbali kuliko Morogoro. Lakini mdomo ulikuwa umejaa rangi.

Juu yangu kulikuwa na mataa. Yale ya upande wangu, upande wa barabara ya Kilosa, yalikuwa kijani. Niliyaona wazi, kijani ya kupendeza, kama jani la mchicha baada ya mvua. Yakakaa hivyo muda kidogo. Yakawa njano. Yakawa nyekundu, na kufumba na kufumbua yale ya barabara kuu yakawa kijani, na lori lililokuwa nyuma ya lori lililonigonga likapiga honi. Halikujua kuna mtu chini. Mataa nayo hayakujua. Yaliendelea na kazi yake juu ya kichwa changu kama vile mimi ni ganda la ndizi.

Afisa wa kuandika ajali alipofika, muda ulikuwa umepita wa watu kuninawisha uso na kugundua kwamba mimi si mzungu, jambo ambalo niseme kweli lilipunguza huruma kidogo. Afisa akatazama juu. Upande wangu ulikuwa nyekundu. Akaandika. Nilikuja kusomewa baadaye alichoandika, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu mimi mwenye darasa la nne: "Mwendesha baiskeli alipita kwenye taa nyekundu."

Hilo neno ndilo ninalolipinga. Mguu ulishaungwa, umebaki mfupi kidogo, nauzoea. Neno siwezi kulizoea. Watu walioniharibia ninawajua, ni watatu. Majina yao ninayo kichwani, lakini nimeshauriwa niwataje kwa kazi zao, basi nitawataja hivyo: Bosi, Fundi wa Laptopu, na huyo Afisa. Kila mtu Mikumi atajua ni nani.

Sasa nirudi nyuma.

Kabla ya mataa, taa nilikuwa mimi. Barabara kuu ilipokuwa inafanyiwa ukarabati, kampuni ilinichukua kuwa mshika kibao pale njia panda, mahali barabara ya Kilosa inapokutana na ile ya magari makubwa yaendayo Iringa na Zambia. Nilikuwa na kibao cha mviringo kwenye mpini, upande mmoja SIMAMA, upande wa pili NENDA. Mkono wa kushoto nilishika bendera nyekundu. Jua lilinipiga hadi nikafanana na mpini wa kibao chenyewe. Lakini kwa miaka yote niliyoshika kile kibao, pale na sehemu nyingine, hakuna mtu aliyegongana mbele yangu. Hata kuku.

Kazi yangu haikuwa ya kubahatisha. Barabara kuu niliiacha itembee, kwa sababu ndiyo yenye magari mengi. Akija mtu kutoka Kilosa namwonyesha bendera, naye anasubiri. Sikumfungulia papo hapo, maana ukifunga barabara kuu kila linapotokea gari moja utatukanwa mpaka na matingo wa malori. Nilihakikisha kwanza barabara kuu imepata zamu yake ya kutosha. Kisha nageuza kibao. Halafu, na hapa ndipo kwenye ujanja wote, nasimama. Kibao kinasema SIMAMA, bendera nayo iko juu. Pande zote mbili zimefungwa. Mtu mgeni angeniona anadhani nimesahau kazi. Ninangoja lori la mwisho lililoshaingia litoke, mkia wake upite. Ndipo nashusha bendera.

Mataa yalipokuja, yalikuja na binti. Fundi msichana kutoka Dar es Salaam, suruali ya mifuko mingi, viatu vya chuma. Nilijiandaa kumchukia, kwa sababu alikuja kuniondolea ugali. Akanikuta nimekalia jiwe, akapiga goti kidogo na suruali yake ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe umekuja kunifukuza kazi?"

"Ndiyo, baba. Lakini kwanza nataka unifundishe unavyoifanya."

Utamchukia vipi mtu wa hivyo? Alikaa siku mbili nzima kwenye kifusi ananitazama na saa mkononi. Siku ya tatu akachana mfuko wa saruji, akaugeuza upande msafi, akachora maduara sita na kuyaunganisha kwa mishale.

Akanieleza kwamba ile mashine ya ndani ya kabati la mataa haina akili hata kidogo. Inachojua ni kwamba iko kwenye duara gani na ikiona nini inahamia duara gani. Duara la kwanza: barabara kuu kijani, Kilosa nyekundu. La pili: barabara kuu njano. La tatu: wote nyekundu. La nne: Kilosa kijani. La tano: Kilosa njano. La sita: wote nyekundu tena, kisha inarudi la kwanza. Haiwezi kuwa kwenye maduara mawili kwa wakati mmoja, wala haiwezi kuruka. Kutoka la kwanza kwenda la pili inataka mambo mawili yote yatimie: saa ya ndani iwe imemaliza sekunde za barabara kuu, na pawepo gari upande wa Kilosa. Likikosekana moja, inakaa palepale hata mpaka kiama. Njano inakaa sekunde nne, nyekundu mbili, yaani wote nyekundu, sekunde tatu, basi. Hapo haiangalii gari, inaangalia saa tu. Na kijani ya Kilosa ina muda wa chini ambao lazima itimize. Baada ya hapo magari yakiendelea kuja inaongeza kidogo kidogo, ila haipiti kikomo ilichopangiwa, ili barabara kuu isidhulumiwe.

Nikautazama ule mfuko wa saruji. Nikaona ni mimi. Mimi mzima, na kibao changu, nimechorwa kwa kalamu ya bluu.

"Hapa," nikamwekea kidole kwenye duara la tatu, "hapa ndipo ninapongoja mkia wa lori."

"Hapo hapo, baba. Hapo ndipo pamenifanya nikae siku mbili."

Gari la Kilosa mashine ilipaswa kulijua kwa jicho la chini. Hiyo kazi nilishiriki kwa mikono yangu. Tulichana lami kwa msumeno, umbo la mraba kama mlango mdogo, tukalaza waya umezunguka mara kadhaa, tukauziba kwa lami ya moto. Umeme mdogo unapita humo. Chuma kikisimama juu yake, waya unahisi. Hauhisi uzito. Hili niliwaeleza watu mpaka sauti ikakauka, kwa sababu konda mmoja wa basi alishuka kila siku akaurukiaruka, mtu mnene, anataka kijani kwa nguvu zake mwenyewe.

Bosi, mkubwa wa ile kampuni ya barabara, akanipa kazi mpya ya ulinzi wa kabati, maana nyani wa Mikumi walilipenda kwa ajili ya kuotea jua. Hivyo nikawa mlinzi wa mashine iliyonichora. Mke wangu, watu wake ni wa milimani, wa kanisa tangu mabibi, hasemi ovyo. Alisema tu kwamba ni mara ya kwanza anaona mtu analipwa kulinda picha yake.

Wiki ya kwanza mataa yalifanya kazi vizuri asubuhi, yakagoma mchana. Kila siku hivyo. Asubuhi magari ya Kilosa yanafika, yanasubiri kidogo, yanapita. Ikifika saa sita, foleni. Basi la Kilosa, bodaboda za Zombo zimebeba maharage, pikapu ya mkaa, wote wamesimama, nyekundu haitoki. Watu wakasema mashine inachoka na joto. Wengine wakasema imelogwa na mshika kibao, yaani mimi.

Nikaenda kutazama, nikacheka mpaka nikakaa chini. Hatua kama kumi na tano kabla ya njia panda kuna mwarobaini mkubwa wenye kivuli kinene. Mchana wa Mikumi hakuna dereva mwenye akili timamu atakayesimama juani wakati kivuli kipo. Walikuwa wanasimama chini ya mwarobaini, wote, kwa adabu, wanaingoja taa. Nayo taa mbele yao ilikuwa inaungoja waya, na waya ulikuwa mtupu. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Asubuhi kivuli kinaangukia upande mwingine, ndiyo maana ilikuwa inapona.

Nikamfuata dereva wa basi dirishani. Nikamwambia asogee mbele, akanyage ule mraba.

"Nisogee juani nikafanye nini? Taa si hii naiona?"

"Wewe unaiona. Yenyewe haikuoni."

Akageuka akatazama abiria wake, akatazama mizigo juu ya keria, akanirudia. "Mzee, basi zima hili, rangi ya machungwa, haioni?"

Akasogea kwa hasira, ili anikomeshe. Akasimama juu ya waya. Sekunde za barabara kuu zilikuwa zimeshaisha zamani, kwa hiyo njano ikaja palepale, halafu nyekundu mbili, halafu kijani. Abiria walipiga makofi kwa dereva. Mimi hakuna aliyenipigia.

Tangu siku hiyo nikawa msemaji wa taa. Nilisimama kwenye mwarobaini kutwa nzima nikiwasukuma watu juani. Siku moja alikuja mfugaji na ng'ombe wake kama arobaini, akawapanga juu ya mraba kwa heshima kubwa, akasubiri. Akasubiri. Nikamweleza kwamba waya unahisi chuma na ng'ombe hawana chuma. Akafikiri, akasema, "Kumbe taa yenu inaona mabati, haioni mali." Nikamlazia baiskeli yangu chini juu ya waya, kwa sababu baiskeli ikisimama wima inaweza isionekane, ikilala inaonekana vizuri zaidi. Taa ikafunguka. Ng'ombe walipita kama wageni rasmi. Mfugaji akanishukuru, akaishukuru na baiskeli.

Binti alitaka tuchore mstari mpana mweupe palepale kwenye waya, na kibao kikubwa: Simama hapa taa ikuone. Kama haitoshi, tuchimbe waya wa pili chini ya mwarobaini. Kazi ya siku mbili. Akamwandikia Bosi. Kisha akaitwa Dar kwenye kazi nyingine, akaniachia namba yake ya simu na ule mfuko wa saruji, ambao nilimpa mke wangu auhifadhi kwenye sanduku la nguo za Pasaka.

Bosi hakuchora mstari. Sasa ninamtaja. Bosi ni mtu wa kupita na gari lenye vioo vyeusi, kiyoyozi kinavuma, anashusha kioo vidole viwili, anauliza swali, anapandisha kioo kabla ya jibu. Yeye alisema watu wa Kilosa wanalalamika, basi mashine iambiwe kwamba upande wa Kilosa kuna gari siku zote. Akamleta Fundi wa Laptopu.

Huyu alifika, hakunisalimia. Kijana wa umri wa mwanangu wa pili, ananipita na begi mgongoni kama mimi ni kiti cha sebuleni kwake. Kwetu huko ni kutukana bila kufungua mdomo. Akafungua kabati, akachomeka waya, akanipa mwamvuli nimshikie ili aone kioo cha laptopu. Nikamshikia. Akaidanganya mashine, akaiwekea gari la uongo ambalo haliondoki.

Foleni ya mwarobaini ikaisha, ni kweli. Lakini sasa barabara kuu ikawa inafungwa kila saa ya ndani inapoisha, awepo mtu wa Kilosa asiwepo. Malori yanasimama kumpisha upepo. Foleni ikarudi nyuma, madereva wakapiga simu kwa matajiri zao, matajiri wakapiga simu kwa Bosi. Bosi akashusha kioo vidole viwili, akasema mzunguko upunguzwe, na Fundi wa Laptopu akarudi. Mimi nikashika tena mwamvuli.

Safari hii nilisogea karibu kidogo. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya maduara yetu sita na sekunde zake. Bosi alikuwa amesimama pembeni, ameshuka garini kwa mara ya kwanza, jasho linamtoka.

"Hizi mbili za nini?" Fundi akauliza, hakuniuliza mimi, alimuuliza Bosi. "Wote nyekundu, tatu na tatu. Sekunde sita kila mzunguko hakuna mtu anayekwenda. Ni muda wa bure huu."

Bosi akasema kama ni wa bure utolewe.

Hapo nikasema. Sikupiga kelele, nilisema kama ninavyoandika sasa: "Huo si wa bure. Hapo ndipo wanapotoka walioshaingia."

Fundi akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mzee, umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi shika mwamvuli."

Akaandika sifuri. Niliona kidole chake. Akaandika na sifuri ya pili. Bosi alisema "vizuri" na akarudi kwenye kiyoyozi. Vizuri. Nimelibeba hilo neno kama mchanga kwenye kiatu.

Siku chache hakikutokea kitu. Ndivyo ilivyo, sifuri haiui kila mtu. Inangoja mtu mwenye haraka akutane na mtu mzito. Nilimpigia simu binti, nikamweleza. Kisha akaniuliza kama nina uhakika ni sifuri zote mbili. Nikasema mwamvuli niliushika mwenyewe. Akampigia Bosi. Sijui alimwambia nini, lakini jibu la Bosi lilikuwa kunituma mimi nikanunue rangi nyeupe ili hatimaye ule mstari uchorwe. Aliona tukipewa mstari tutasahau sekunde. Rangi nikaifuata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, njia ya kwenda Kilosa. Ndivyo nilivyokuja na kopo nyuma ya baiskeli, asubuhi, kivuli cha mwarobaini kiko upande mwingine, ninarudi kazini.

Nikasimama mahali mstari ulipopaswa kuwa. Nyekundu yangu. Upande wa barabara kuu kutoka Iringa lilikuwa linakuja lori la vitunguu vya Malolo, limejaa mpaka turubai limevimba. Halikuwa na mwendo wa kutisha. Lilifika wakati kwake ni njano, limeshakaribia mno, na lori la vitunguu ukilifungia breki ghafla vitunguu vinakuja mbele kukusalimia. Dereva akaendelea, na ni halali yake, njano ndiyo hiyo. Akaingia mwisho wa njano. Mimi nikapata kijani.

Sasa nitasema jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, wala Afisa hakuniuliza. Nilijua. Nilikuwa mtu mmoja Mikumi nzima, ukiacha Fundi na Bosi, anayejua kwamba ile kijani imekuja mapema kwa sekunde tatu. Nilipaswa kutazama kulia. Miaka yote nimetazama mikia ya malori, siku ile sikutazama. Kijani ilipowaka, mguu ulikanyaga pedali wenyewe. Niliiamini. Ilikuwa imechorwa kutoka kwangu, na mtu huwa hatazami kulia anapoitwa na sauti yake mwenyewe.

Bampa ilinipata gurudumu la mbele. Kopo likaruka juu kuliko mimi, likarudi chini pamoja nami. Mengine mnayajua, mzungu akafa.

Hospitali ya Kilosa walinifunga vyuma. Nilikaa wodini muda wa kutosha kujifunza majina ya wajukuu wote wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Rangi ilitoka kwenye ngozi kwa mafuta ya taa, kwenye nywele haikutoka; nilinyolewa. Dereva wa lori alikuja kuniona, amebeba vitunguu nusu gunia, akakaa, akaomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Akaniambia alichomwambia Afisa: kwamba yeye aliingia kwenye njano na njano ilikatika akiwa ndani. Nikamuuliza kama Afisa aliandika hivyo. Akasema aliandika hivyo.

Basi, nikamwambia mke wangu alete mfuko wa saruji. Akautoa kwenye sanduku la Pasaka, akautandaza kitandani juu ya mguu wangu wa chuma. Kwa kidole chake, yeye ambaye hajawahi kushika kibao, akafuata mshale. Njano ya barabara kuu. Inayofuata nyekundu mbili. Lakini nyekundu mbili ni sifuri. Kwa hiyo inayofuata ni Kilosa kijani. Akanitazama.

"Kama lori lilikuwa kwenye njano na njano ikakatika likiwa ndani," akasema, "wewe ulikuwa kwenye kijani. Karatasi ya Afisa mwenyewe inasema."

"Inasema."

"Sasa hiyo nyekundu Afisa aliitoa wapi?"

Aliitoa juu. Alifika baadaye akatazama juu. Katika mzunguko mzima upande wa Kilosa ni nyekundu zaidi kuliko kijani. Ukitazama saa yoyote, bahati kubwa utakuta nyekundu. Ni kama kufika kwenye msiba jioni ukakuta watu wanakula, ukaandika kwamba marehemu alikufa kwa shibe. Mashine haikumbuki ilichokuwa, inajua ilipo tu. Afisa wa serikali ndiye aliyepaswa kukumbuka kwa niaba yake. Na Bosi alikuwa amesimama hapohapo pembeni yake, mama wa mahindi alimwona, kioo kimeshushwa chote siku hiyo. Hakusema kuhusu sifuri. Alisema tu, mama alimsikia, kwamba mzee huyu ni mlinzi wetu, ni mtu wa haraka haraka.

Mtu wa haraka. Mimi niliyekuwa ninatukanwa na matingo kwa kuchelewa kushusha bendera.

Kwa lile neno la Afisa kazi ya ulinzi ikaisha, kwa sababu haifai mvunja taa kulinda taa. Vijana wa bodaboda wa Zombo wananiita Baba Nyekundu. Wananiita kwa upendo, wananipa lifti bure, nami nacheka nao, lakini nikifika nyumbani silicheki.

Nilipoweza kutembea na magongo nilipanda pikipiki ya mmoja wa hao vijana nikaenda Mikumi kutazama. Nikasimama mahali pangu pa zamani. Bodaboda akakaa juu ya pikipiki yake, anatafuna muwa, hajui tumefuata nini. Barabara kuu kijani. Njano. Nikahesabu nne. Nyekundu. Kilosa bado nyekundu. Nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kilosa kijani.

"Kwani unahesabu nini, Baba Nyekundu?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia asubiri. Nikahesabu mizunguko minane, yote tatu, pande zote mbili. Nikampigia binti. Akasema si yeye aliyerudisha; yeye hajaruhusiwa kugusa lile kabati tangu alipompigia Bosi. Akasema pia atakuja Kilosa, atasema mbele ya yeyote jinsi maduara yalivyokuwa na jinsi yalivyoachwa, akiitwa. Hajaitwa. Nimepeleka barua mbili, ya tatu ni hii, nayo ni ndefu kwa sababu za kwanza zilikuwa fupi na zikapotea kirahisi.

Kwa hiyo ninauliza, na ninauliza mchana kweupe. Afisa: ulisikia kwa dereva kwamba njano ilikatika lori likiwa ndani, ukaandika, kisha chini yake ukaandika kwamba mimi nilikuwa kwenye nyekundu. Yote mawili yangekuwa kweli kama sekunde tatu zingekuwepo. Hukuuliza kama zilikuwepo. Rudi ukaulize, kisha ukate huo mstari kwa kalamu ileile.

Fundi wa Laptopu: njoo unisalimie kwanza, halafu tutazungumza.

Na wewe Bosi, shusha kioo. Kama sifuri haikuwa na kosa, nani aliyerudisha tatu, na kwa nini alirudisha kimya kimya baada ya mguu wangu? Nataka mtu mmoja aje ajibu hilo, mbele ya mama wa mahindi na dereva wa vitunguu, pale njia panda.